Blanketi Zito kwa Mtu Mzima Anayekosa Usingizi: Mwongozo kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Huku pwani ya kusini blanketi hutafutwa kwa hiari miezi michache tu, kusi inapovuma kuanzia Juni hadi Agosti. Walioko juu Newala na vijiji vya uwanda wa Makonde wao hulihitaji zaidi. Lakini blanketi ninaloandika habari zake halitafutwi kwa ajili ya baridi. Ni kitambaa kilichoshonwa vijumba vidogo na kutiwa vitu vizito kama shanga za kioo, vipande vya chuma au mchanga, mpaka kifike kilo 4, 6 au 8. Mtu mzima hujifunika ili uzito umkandamize kidogo mwili mzima, kwa matumaini ya kutulia na kulala. Siku hizi watu wanaagiza mitandaoni, na wengine wanawapelekea mafundi cherehani picha ya simu na kusema "nishonee kama hili".

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayekosa usingizi, anayelala kwenye nyumba ya kawaida yenye feni na chandarua, na anayetaka kujua kama uzito huu unamfaa kabla hajatoa hela. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hatua ya pili, ya kujichuja, usiiruke hata kama umeshanunua.

Hatua ya 1: Jua tafiti zilipima nini

Utafiti mmoja wenye nguvu ulifanyika Sweden, ukachapishwa mwaka 2020. Walichukuliwa watu wazima 120 waliokuwa wanatibiwa kliniki za afya ya akili bila kulazwa. Wote walikuwa na tatizo la usingizi, na juu yake kila mmoja alikuwa na sonona, wasiwasi uliopitiliza, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au tatizo la kukosa utulivu na umakini. Kundi moja lilipewa blanketi lenye minyororo ya chuma ndani, kilo 8, na aliyeona limemzidi alipewa la kilo 6. Kundi lingine lilipewa linalofanana nalo lakini lenye minyororo ya plastiki, kilo 1 na nusu tu. Baada ya wiki 4, karibu watu 6 kati ya 10 waliotumia zito walikuwa wamepunguza alama za kukosa usingizi kwa nusu au zaidi. Kwa waliotumia jepesi, alikuwa mtu 1 hivi kati ya 20.

Tofauti hiyo ni kubwa, na mimi sioni sababu ya kuibeza. Hata hivyo, iangalie kwa macho mawili. Kwanza, alama hizo zinatokana na dodoso ambalo mgonjwa anajaza mwenyewe, na hakuna namna ya kumficha mtu kwamba amefunikwa kilo 8 au kilo 1 na nusu. Aliyepata zito alijua kabisa kwamba kuna kitu kinafanyika, na matarajio peke yake yanaweza kumfanya mtu aone amelala vizuri. Pili, wote walikuwa wagonjwa wa akili wanaoendelea na matibabu yao. Mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya maumivu ya mgongo, au kwa sababu anaamka mara tano kwenda kukojoa, hakuwa ndiye aliyelengwa.

Utafiti wa pili ulifanyika Uppsala, hukohuko Sweden, ukachapishwa mwaka 2022. Ulikuwa na vijana 26 wenye afya nzuri. Walipojifunika blanketi lenye uzito wa asilimia 12 ya miili yao, mate yao yalionyesha melatonini, yaani kichocheo ambacho mwili hukitoa giza linapoingia, imepanda kwa takriban asilimia 30 kuliko walipotumia jepesi. Wauzaji wanaipenda sana takwimu hii. Wanachoacha kusema ni kwamba vijana hao hawakusinzia zaidi, wala muda wao wa kulala haukuongezeka.

Kuna na somo kutoka kwa watoto, ingawa mwongozo huu si wa watoto. Mwaka 2014 Uingereza walichapisha utafiti wa watoto 67 wenye usonji. Vipimo vilionyesha blanketi zito halikuwaongezea usingizi, lakini watoto na wazazi walilipenda kuliko la kawaida. Kupenda kitu na kulala zaidi ni mambo mawili, na ndiyo maana katika hatua ya 6 nitakuomba ushike daftari.

Kwa hiyo anayefaa kuendelea kusoma akiwa na matumaini ni mtu mzima ambaye akilala mawazo yanazunguka, mwili hautulii, anajigeuza mpaka alfajiri, na hali hiyo inamrudia angalau usiku mara 3 kwa wiki. Kama ndiyo kwanza imeanza wiki hii kwa sababu ya msiba au deni, subiri kwanza. Usingizi wa namna hiyo mara nyingi hurudi wenyewe.

Hatua ya 2: Jichuje

Hatari ya blanketi zito inatokana na mambo matatu: linaweza kuzuia kifua kupanuka, linaweza kumshinda mtu kulitoa, na linahifadhi joto. Wengi wanaokatazwa wanaingia kwenye moja ya hayo, wengine kwenye yote matatu.

Anza na kupumua. Muulize mwenza wako, au yeyote mnayelala chumba kimoja, swali hili: "Nikilala huwa nakoroma, halafu nanyamaza kidogo kama pumzi imekatika, kisha nashtuka nikivuta hewa kwa nguvu?" Jibu likiwa ndiyo, acha habari ya blanketi. Hiyo ni dalili ya pumzi kukatika usingizini, na ni tatizo linalohitaji daktari. Mara nyingi ndilo lenyewe linalokufanya uamke umechoka. Watu wengi wanaokoroma namna hii hujidhania wanakosa usingizi kwa mawazo, kumbe wanaamshwa na kukosa hewa. Wengine wa kuacha ni wenye pumu inayobana usiku, wenye mapafu yaliyochoka kwa moshi au vumbi la miaka mingi, na wenye moyo dhaifu ambao wakilala chali pumzi inawapaa na inabidi waongeze mito.

Kisha nguvu za kulitoa. Aliyepata kiharusi, mwenye upande uliopooza au udhaifu wa misuli, mzee aliyedhoofika, asifunikwe. Mwenye kifafa, hasa degedege zinazomjia usiku, naye asilitumie, kwa sababu wakati huo hawezi kujisaidia. Vivyo hivyo anayemeza dawa za usingizi au dawa za mzio zinazolevya, na anayelala baada ya kunywa. Naandika hili nikiujua msimu wa mabibo: kuanzia Oktoba uraka unapatikana kila kona, na mtu aliyelala na uraka kichwani hasikii mwili wake ukilalamika. Usiku wa kunywa, blanketi likae kabatini.

Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi asilitumie miguuni. Hatasikia likimbana au likimchubua, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari si jambo la kuchezea. Mwenye vidonda, ngozi nyepesi ya uzee, mishipa ya damu yenye matatizo au mguu uliovimba upande mmoja, aende hospitali kwanza.

Mjamzito ninamshauri aache. Hakuna utafiti wa kutosha wa kumlinda, na miezi ya mwisho kulala chali na uzito juu si salama.

Kuna pia wanaobanwa na hofu wakifungiwa. Mtu aliyewahi kushikwa kwa nguvu, kufungwa au kukandamizwa anaweza kuamka usiku akidhani yamerudi. Kwake uzito hautulizi, unaamsha yale yale. Asilazimishwe na ndugu wanaosema "utazoea".

La mwisho katika chujio, na kwa nyumba zetu ndilo zito kuliko yote: je, mtoto mchanga au mdogo analala kitanda hicho? Mama anayenyonyesha na kulala na mwanawe asiwe na blanketi hili kitandani hata kwa nusu saa. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wamekataza kitu chochote chenye uzito juu ya mtoto mchanga au karibu yake. Mwaka huohuo, hukohuko Marekani, mablanketi mazito ya watoto zaidi ya laki mbili yalirudishwa baada ya wasichana wawili, wa miaka 4 na 6, kufa. Walikuwa wamenaswa ndani ya foronya ya blanketi lenye zipu. Kumbuka hilo la zipu tutakapofika kwenye ushonaji.

Hatua ya 3: Jaribu kabla ya kununua

Hapa huhitaji blanketi. Chukua mchele kilo 5, utie kwenye foronya ya mto, fundo lifungwe vizuri, kisha utandaze uwe bapa. Jaribu mchana, kukiwa na mtu karibu. Lala chali, akuwekee mzigo huo mapajani kwa dakika 10, kisha asogeze hadi tumboni. Ukiwa umetulia, akuambie ghafla: "Jifunue." Unatakiwa uutoe mzigo kwa mkono mmoja, bila kukaa na bila kukusanya nguvu. Kisha urudie kwa mkono mwingine.

Shangazi yangu, anayeishi Mikindani, nilimfanyia hivi sebuleni kwake. Ana kilo 62, hana pumu wala kisukari, hakoromi, na tangu afiwe na mume amekuwa akilala saa saba au nane za usiku kwa mawazo. Mkono wa kulia aliusukuma mzigo kama anafukuza kuku. Mkono wa kushoto ulikuwa habari nyingine, maana bega hilo limekaza. Mzigo ulipokuwa mapajani na kiunoni aliuweza. Nilipousogeza chini ya matiti, mkono ulinyanyuka nusu ukarudi.

"Mwanangu, ukifika hapa kifuani nahisi kama nimeshikwa," aliniambia.

"Basi shangazi, lako halitapita mbavu."

Uamuzi huo ulitoka kwenye jaribio la dakika chache, na ndio ulioamua vipimo vyote vya blanketi lake. Angeshindwa hata kiunoni, shughuli ingeishia pale, na mchele ungerudi jikoni.

Hatua ya 4: Panga uzito na ukubwa

Kanuni inayotajwa kila mahali ni asilimia 10 ya uzito wa mwili. Hiyo ni desturi ya wauzaji na watoa tiba zaidi kuliko matokeo ya vipimo. Sweden walitumia kilo 8 au 6 bila kukokotoa asilimia ya kila mtu. Kwa joto letu mimi naanzia chini, kati ya asilimia 6 na 8. Kama umeagiza la dukani, angalia lebo: pauni 15 ni kama kilo 6.8, na pauni 20 ni kilo 9. Hizo ni nyingi kwa mtu wa kilo 62 anayeanza.

Angalia pia limejazwa nini. Mengi ya dukani yana shanga pamoja na tabaka la nyuzi laini za plastiki, kama zile za ndani ya koti la baridi. Mtwara mjini mwezi wa Novemba hutalala na kitu hicho, utaloa jasho. Tafuta blanketi lisilo na tabaka hilo, lenye kitambaa cha pamba nje na ndani.

Ukubwa uwe mdogo kuliko kitanda. Blanketi linaloning'inia pembeni huteleza lenyewe, na likiteleza linavuta chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Asubuhi unakuta upande mmoja uko wazi na mbu wamekula. Liishie juu ya mwili tu.

La shangazi tulilipanga hivi: upana sentimita 100, urefu sentimita 110, kutoka chini kidogo ya mbavu hadi miguuni. Vijumba vya sentimita 10 kwa 10 vinakuwa 10 kwa upana na 11 kwa urefu, jumla 110. Kila kijumba gramu 40, kwa hiyo mstari mmoja gramu 400 na mistari yote kilo 4.4. Kitambaa kinaongeza kama gramu 400, ikawa kilo 4.8, karibu asilimia 8 ya uzito wake.

Hatua ya 5: Chagua cha kujaza, kisha shona

Kwa kuwa shanga za kioo ni ghali, wengi watatafuta cha karibu, na hapa ndipo makosa yanapozaliana. Mchele na maharage huvutia fukusi na panya, na unyevu wa pwani huvitia ukungu. Chumvi iko tele kwenye mashamba yetu ya chumvi, lakini inavuta unyevunyevu hewani na kitambaa kitaloa. Maganda ya korosho yasikukaribie kabisa: mafuta yaliyo ndani yake yanababua ngozi, kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua. Mchanga wa ufukweni nao una chumvi ya bahari.

Kinachofaa kwa bei ya chini ni mchanga wa mto, ule wa chembe za wastani. Uoshe kwenye ndoo kwa maji baridi, ukoroge kwa mkono, umwage maji machafu, urudie mpaka maji yabaki meupe. Kuosha huku si usafi tu. Kunatoa lile vumbi laini ambalo lingepenya kwenye kitambaa na kuingia mapafuni kila unapojigeuza. Anika juu ya turubai juani, ukiugeuza, kwa siku mbili au tatu. Ukikauka, uchekeche nje ya nyumba, ukiwa umefunga kitambaa puani.

Usijaze kabla ya kuhakikisha umekauka. Tia mchanga kidogo kwenye chupa safi ya plastiki, funga, weka juani kwa saa moja. Ukiona ukungu wa maji ndani ya chupa, rudisha kwenye turubai. Mchanga uliofungwa na unyevu utanuka ndani ya wiki chache, na harufu hiyo haitoki tena.

Kitambaa cha ndani kiwe marekani au shuka ya pamba iliyofumwa kwa kubana. Inyanyue uitazame kuelekea dirishani. Ukiona vitundu vya mwanga, mchanga utapita. Kanga ni nyepesi mno kwa kazi hii, ila inafaa sana kuwa foronya ya nje, na doti moja inatosha pande zote mbili.

Fundi akate vipande viwili vya marekani, sentimita 110 kwa 120, maana mshono na ujazo vinakula ukubwa. Ashone upande wa chini na pande mbili za ubavu, ageuze nje, kisha apige mishono ya wima kupata mifereji 10 iliyo wazi juu. Mishono yote iwe mifupi, na ipigwe mara mbili kwa uzi wa poliesta. Halafu pima gramu 400 za mchanga, zigawe mara 10 kwa kijiko, mimina sehemu moja kwenye kila mfereji kwa faneli, utikise mpaka ushuke chini. Bana kwa pini juu ya mchanga, kisha fundi apige mshono wa mlalo kufunga mstari huo. Endelea hivyo mstari kwa mstari mpaka juu.

Mambo mawili humkera fundi hapa. Chembe ikibaki kwenye njia ya mshono, sindano inavunjika, na ncha ya sindano ndani ya blanketi ni hatari. Isitafutwe kesho, itafutwe palepale mpaka ionekane. La pili, kadiri mistari inavyojaa, uzito unakivuta kitambaa nje ya meza na kupinda sindano. Weka meza nyingine au stuli upande ule ili sehemu iliyojaa ilale juu yake. Usikubali fundi akuongezee ukubwa wa vijumba ili amalize haraka. Kijumba cha sentimita 20 kinaacha mchanga wote ukusanyike kona moja, na utalala na fungu upande mmoja na kitambaa kitupu upande mwingine.

Foronya ya kanga isitiwe zipu. Ishonwe pande zote, iachwe upenyo mmoja wa kupitishia blanketi, na upenyo huo ufungwe kwa mshono mrefu wa mkono unaofumuliwa siku ya kufua. Ni usumbufu kidogo, lakini mtoto hawezi kuingia ndani yake. Kinachofuliwa kila wiki ni kanga. Blanketi lenyewe lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na kuanikwa kivulini penye upepo likiwa limelazwa, kwani likitundikwa kwenye kamba mishono inaachia.

Hatua ya 6: Wiki za kujaribu, daftari mkononi

Wiki ya kwanza usilitumie kabisa. Kila asubuhi andika mambo matatu: uliingia kitandani saa ngapi na unakisia ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, na ulivyojisikia mchana kwa alama kutoka 0 hadi 10. Bila wiki hii hutakuwa na cha kulinganisha, na kila kitu kipya kitakuonekania kizuri.

Kuanzia wiki ya pili, lianze jioni ukiwa macho, dakika 20 miguuni na mapajani, mara mbili au tatu kabla ya kulala nalo usiku. Kisha lala nalo wiki mbili mfululizo. Lisivuke pale jaribio lako liliposema, wala lisifike shingoni kwa mtu yeyote. Wiki ya mwisho liweke kando tena, uendelee kuandika. Muda wote huo amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Kubadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja kutakunyima jibu.

Joto linahitaji kanuni yake. Feni iwe inafanya kazi, na chini ya blanketi uwe na shuka nyepesi tu. Umeme ukikatika usiku, litoe, usisubiri mpaka uloe. Ukiwa na homa usilitumie hata kidogo. Nenda ukapime malaria. Kutetemeka kwa homa kunamfanya mtu ajirundikie nguo, na kilo 5 juu ya mwili unaochemka ni kosa.

Acha mara moja, bila kumaliza wiki, ukiona mojawapo ya haya: unaamka ukitafuta hewa, moyo unaenda mbio, vidole vya miguu vina ganzi isiyoisha dakika chache baada ya kulitoa, una michubuko au alama za mishono zinazokaa hadi mchana, au ndoto za kubanwa zinaanza.

Daftari la shangazi lilionyesha hivi. Kabla ya blanketi, usingizi ulikuwa unamchukua baada ya kama saa moja na nusu. Katika wiki mbili za blanketi ulishuka hadi chini kidogo ya saa moja, lakini kuamka usiku hakukubadilika, bado mara mbili au tatu. Alipoliacha, muda ukapanda tena, ingawa haukufika kule ulikoanzia. Nadhani sehemu ya nafuu ilitokana na kuamka saa ileile kila siku, na sehemu ikatokana na uzito, na sina njia ya kuzitenganisha kwa mtu mmoja. Kwake nafuu ya nusu saa ilitosha kuendelea nalo miezi ya kusi. Novemba alilitoa mwenyewe kwa sababu ya fukuto.

Kule kuamka usiku ambako blanketi halikukugusa, tulikupeleka kliniki. Matibabu yanayopewa kipaumbele kwa mtu mzima aliyekosa usingizi miezi 3 au zaidi ni mazungumzo ya kitaalamu ya kurekebisha tabia na fikra za usingizi, na blanketi halichukui nafasi yake. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwenda Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi. Nenda na daftari. Daktari atapata mengi kwenye kurasa hizo kuliko kwenye sentensi ya "silali kabisa". Ukiwa unaona maisha hayana maana au unawaza kujidhuru, usimalize wiki zozote za majaribio, nenda siku hiyohiyo na mtu unayemwamini.

Daftari likionyesha hakuna tofauti baada ya wiki mbili, usiongeze kilo. Fumua mistari miwili mitatu, umwage mchanga, marekani itumike kwa kazi nyingine. Likikufaa, msimu wa joto ukifika likunje mara moja tu, lilaze ndani ya sanduku linalofungwa kwa ufunguo, na wajukuu wanapokuja likizo ufunguo ukae nawe.